Kutengeneza jedwali la matokeo ya uchaguzi kwa kila eneobunge

Andika kura kwanza. Asilimia na mshindi viache vikokotolewe. Anayenakili asilimia zilizotangazwa hujikuta na hesabu isiyofungana.

Chukua urais wa Kenya wa 2022. Ruto alitangaziwa kura 7,176,141 (50.49%), Raila 6,942,930 (48.85%), Wajackoyah 61,969 (0.44%) na Waihiga 31,987 (0.23%). Jumlisha asilimia hizo: zinafika 100.01. Wengi waliona hapo wizi, kumbe kila sehemu ilikadiriwa peke yake hadi desimali mbili, na ya Waihiga ilikuwa 0.2251 ikapandishwa. Kura zenyewe hazina kasoro hiyo.

Swali linalofuata ni la kigawanyo: ugawanye kwa kura zipi? Mahakama ya Juu ya Kenya iliamua mwaka 2013 kwamba kura zilizokataliwa haziingii kwenye hesabu ya asilimia. Mwaka 2022 zilikuwa 113,614. Ukiziingiza, Ruto anashuka hadi 50.09%. Kwa hiyo zipe safu yake, mbali na kura halali.

Panga safu za lahajedwali hivi: A jina la eneobunge, B waliojiandikisha, C zilizokataliwa, D hadi G wagombea wanne, H kura halali, I hadi L asilimia, M mshindi. Majina ya wagombea yakae mstari wa 1. Kisha kwenye H2, I2 na M2:

```
=SUM(D2:G2)
=D2/$H2
=INDEX($D$1:$G$1,MATCH(MAX(D2:G2),D2:G2,0))
```

Buruta I2 hadi L2, kisha mstari mzima hadi eneobunge la mwisho. Alama ya dola kabla ya H ndiyo inayozuia kigawanyo kuhama unapoburuta kwenda kulia.

Fomula ya mshindi ina udhaifu mmoja: wawili wakilingana, humtaja aliye kushoto bila kukuonya. Weka safu ya N ya ukaguzi, ikionyesha zaidi ya 1 kuna sare:

```
=COUNTIF(D2:G2,MAX(D2:G2))
```

Tazama pia tarakimu zilizoegemea kushoto mwa kisanduku. Mara nyingi hayo ni maandishi, pengine kwa sababu ya herufi O mahali pa sifuri, na SUM huyaruka kimyakimya. Mgombea anapoteza kura zake zote za hapo, na asilimia za wenzake zinapanda. Vilevile jumla ya H2 na C2 ikizidi B2, rudi kwenye fomu ya matokeo.

Kosa baya kuliko yote liko mstari wa jumla: kutafuta wastani wa asilimia za maeneobunge. Tuseme mgombea amepata 8,000 kati ya 10,000 kwanza, yaani 80%, kisha 12,000 kati ya 40,000, yaani 30%. Wastani unampa 55%, kumbe ana kura 20,000 kati ya 50,000, sawa na 40%. Jumlisha kura, ndipo ugawanye.