Pensheni imekwama? Kwanza taarifa ya benki, kisha barua

Karani kijana anamwamkia jirani yake, mwalimu mstaafu, na mzee anamwambia: "Mjukuu wangu, niandikie watu wa mfuko. Miezi sasa hawajanilipa." Kalamu isubiri. "Miezi" haimsaidii atakayeisoma barua.

Waende kwanza benki wakachukue taarifa ya akaunti ya miezi sita. Humo wataona mara ya mwisho pensheni iliingia lini na ilikuwa kiasi gani. Wakati mwingine pesa imeingia, ila makato ya mkopo yameimaliza, na hapo wa kuulizwa ni benki. Kwa mzee wetu, 180,000 ya mwisho iliingia Machi, kisha kimya. Wamuulize karani wa benki kama akaunti iko hai, maana ikiwa imefungwa pesa hurudi ilikotoka.

Akaunti iko hai. Swali la pili: babu amehakikiwa lini? Wastaafu huhakikiwa ili mfuko ujue wapo hai, na asiyehakikiwa husitishiwa malipo. Mzee alikuwa kwa binti yake mkoa mwingine, hakupata habari. Basi ahakikiwe kwanza, ndipo barua ipelekwe. Barua peke yake haitafungua malipo.

Kwenye uhakiki kuna jambo linalowakwamisha wengi: jina. Kitambulisho cha NIDA kinasema "Ally", jalada la pensheni linasema "Ali". Kwa mtaani ni mtu yuleyule. Kwenye mfumo si lazima. Tofauti ikiwepo, mzee aape kiapo cha majina na nakala yake iambatishwe.

Barua yenyewe isizidi ukurasa mmoja. Juu ziwekwe anwani na simu ya mzee mwenyewe, si ya karani, kisha tarehe na anwani ya ofisi. Halafu:

> YAH: KUTOLIPWA PENSHENI APRILI HADI JUNI, NAMBA YA PENSHENI ........
>
> Mimi ni mstaafu mwenye namba tajwa hapo juu. Mara ya mwisho nililipwa Sh. 180,000 mwezi Machi. Sikuhakikiwa kwa wakati kwa kuwa nilikuwa safarini. Nimehakikiwa tarehe ........
>
> Naomba malipo yarejeshwe na nilipwe malimbikizo ya miezi mitatu, jumla Sh. 540,000. Nimeambatisha nakala za kitambulisho, taarifa ya akaunti na kiapo cha majina.

Neno "malimbikizo" lisisahaulike. Ukiomba tu malipo yarejeshwe, unaweza kuanza kulipwa Julai, na ile miezi mitatu ukaifuatilia upya. Habari za dawa na karo za wajukuu ni za kweli, lakini zikitangulia, namba ya pensheni inazama aya ya tatu.

Karani amsomee mzee barua yote kwa sauti kabla hajasaini. Asiyeweza kusaini aweke dole gumba. Namba ya siri ya benki haihitajiki popote. Mzee asimtajie mtu, hata mjukuu huyu.

Wachapishe nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili igongwe mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, na mpokeaji aandike jina lake. Wiki mbili zikipita kimya, mzee arudi na nakala hiyo mkononi.