Kupima mnazi kwa mrija na uzi: ushauri kwa mwalimu mgeni wa hesabu

Mwalimu mwenzangu unayeanza kufundisha trigonometria hapa Malindi, somo la kupima kimo cha mti lipangie vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80, na mti wenyewe uende ukauone siku moja kabla. Mimi mara ya kwanza nilitayarisha mirija, nyuzi na vipimapembe nikausahau mti, na mti ndio ulioniaibisha.

Kifaa chenyewe hakina makuu. Mrija hubandikwa kwa selotepu kwenye ukingo ulionyooka wa kipimapembe, na uzi hufungwa katikati ya ukingo huo, penye kitovu cha pembe zote, ili uning'inie mbele ya namba. Mshipi wa kuvulia samaki wenye chubwi ni bora kuliko uzi wa cherehani uliofungiwa kijiwe, kwa kuwa upepo wa kusi huuchezesha uzi mwepesi hata namba isisomeke. Mirija ikikosekana, bua la jani la mpapai lina uwazi ndani na hufaa, mradi mchague kipande kilichonyooka.

Kabla ya kuulenga mti, kifaa kijaribiwe. Sisi tuna bahari: mwanafunzi akisimama ufuoni na kulenga pale maji yanapokutana na mbingu, mrija huwa umelala sawasawa, na uzi unapaswa kupita kwenye 90. Ukipita kwenye 92, mrija umekaa upogo na ubandikwe upya.

Hapa kwenye pembe ndipo utakapotumia muda mwingi. Uzi hauondoki kwenye wima wake. Kinachozunguka ni kipimapembe. Mwanafunzi akiinua macho kwa digrii 39, alama ya 90 huuacha uzi kwa digrii 39, na kwenye safu ya namba inayoanzia 0 upande wa jicho husomeka 51. Kwa hiyo pembe ya mwinuko ni 90 − 51. Atakayeitumia 51 kama ilivyo, akiwa mita 15 kutoka mtini, atapata mnazi wa karibu mita 20, na kwa kuwa minazi ya kimo hicho ipo, jibu lenyewe halitamshtua mtu. Waulize mapema: ukitazama juu zaidi, namba inaongezeka au inapungua? Wakishaona kwa macho yao kwamba inapungua, kutoa kutoka 90 hakutakuwa tena kanuni ya kukariri.

Sasa nikueleze yaliyonifika. Makundi mawili yalisimama pande mbili zinazoelekeana za mnazi mmoja, kila kundi mita 15 kutoka shinani. La kwanza lilisoma 51, yaani mwinuko wa digrii 39. La pili lilisoma 58, yaani digrii 32. Macho ya watazamaji wote wawili yalikuwa mita 1.45 kutoka ardhini, na kiasi hicho lazima kiongezwe, kwa sababu pembetatu yetu huanzia kwenye jicho, si kwenye unyayo.

15 × tan 39° + 1.45 = 13.60
15 × tan 32° + 1.45 = 10.82

Niliwaambia warudie, nikidhani wamekosea kusoma, na namba zikarudi zile zile. Mkwezi mmoja aliyekuwa akitutazama akacheka: "Mwalimu, kwani nazi ya mnazi huu ikidondoka huangukia shinani?"

Mnazi ulikuwa umeinama kuelekea kundi la kwanza. Tanjenti inataka umbali wa mlalo hadi chini ya kilele, pale nazi itakapoangukia, nasi tulikuwa tumepima hadi shina. Mahali hapo hupatikana kwa uzi ule ule: mwanafunzi asimame kando, aning'inize chubwi mbele ya jicho lake hadi uzi upite katikati ya kilele, kisha mwenzake achore mchangani mstari unaoufuata uzi huo kutoka kwake kwenda mtini. Wafanye hivyo tena kutoka upande mwingine, kama robo ya duara hivi kutoka pale pa kwanza. Mistari ikikatana, hapo ndipo. (Wakishaweka alama wasikae hapo, kwa sababu unayoijua.) Alama yetu ilikuwa mita 2 kutoka shinani, kwa hiyo umbali wa kweli ulikuwa mita 13 kwa kundi la kwanza na mita 17 kwa la pili.

13 × tan 39° + 1.45 = 11.98
17 × tan 32° + 1.45 = 12.07

Tofauti ya karibu mita 3 ikawa sentimita 9, na kwa kifaa ambacho hakisomi chini ya digrii moja, hiyo ni tofauti ndogo kuliko niliyoitarajia. Tangu hapo darasa la kwanza nalipeleka kwenye mvinje ulionyooka, na mnazi ulioinama nauweka kwa kipindi cha wiki inayofuata, makundi yakiwa pande mbili kwa makusudi, na siwaambii chochote hadi majibu yao yagongane.