Tokeni ya shamba: fuata jina hadi kwenye sajili ya ardhi

Mimi nashughulika na hati za ardhi katika afisi ya wakili hapa Malindi. Siku hizi vijana wanaoanza kazi hii wanaletewa faili za aina mpya: shamba limegawanywa kuwa tokeni maelfu, yaani vipande vya kidijitali, zinauzwa kwa simu, na mteja anataka kujua akinunua atakuwa na nini. Nimeona wengi wakianza kwa kusoma andiko la mradi na kuchunguza blokicheni, daftari la kidijitali ambamo tokeni huandikwa. Anzeni na sajili ya ardhi. Tokeni inaweza kuandikwa bila kosa hata moja kwenye daftari la kidijitali, na mwenye tokeni asiwe na haki yoyote juu ya mchanga wa shamba lile.

Sababu yake ni kwamba Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inamtambua mmiliki kwa kusajiliwa. Mauziano yasiyofika kwa msajili hayahamishi ardhi. Daftari la tokeni ni la kampuni iliyolianzisha, na msajili halazimiki kulisoma. Kwa hiyo mwenye tokeni anamdai mtu fulani, na kazi yenu ni kumjua mtu huyo na kujua deni lenyewe ni la namna gani.

Tuchukue mfano. Kuna shamba la ekari 5 upande wa Mambrui, na hati iko kwa jina la kampuni binafsi. Kampuni imetoa tokeni 20,000 kwa shilingi 1,000 kila moja, jumla milioni 20. Wamenunua watu 300, baadhi yao Waitaliano. Tangazo linasema kila tokeni ni kipande cha ardhi.

Ombeni cheti rasmi cha upekuzi, ile sachi ya kawaida. Kina sehemu tatu. Ya kwanza inaeleza shamba lenyewe, ukubwa wake na ramani yake. Ya pili ina jina la mmiliki, na hapo mtaona kampuni peke yake. Wale 300 hawamo. Ya tatu ndiyo watu wanaipita haraka, nayo ndiyo inayoonyesha rehani na mazuio. Katika mfano wetu kuna rehani ya benki ya shilingi milioni 12. Benki imesajiliwa, wenye tokeni hawakusajiliwa, na tofauti hiyo itaamua kila kitu siku kampuni itakaposhindwa kulipa.

Kisha chukueni mkataba wenyewe, si tangazo, mtafute neno linalompa mnunuzi haki. Kwa kawaida mtakuta moja kati ya mambo mawili: ama tokeni ni hisa ya kampuni, ama ni ahadi ya kampuni kumlipa mnunuzi sehemu ya mapato. Mkikosa yote mawili, mteja ananunua rekodi tu, na aambiwe hivyo kwa maandishi.

Tuseme kampuni imeanguka. Benki inauza shamba kwa milioni 15, na pamoja na riba na gharama inachukua milioni 14. Inabaki milioni 1. Kampuni inadaiwa milioni 4 na watu wengine wasio na rehani. Tuache kando mishahara na kodi zinazotangulia, hesabu ionekane vizuri. Ikiwa tokeni ni hisa, wadai wanalipwa kwanza, kwa hiyo ile milioni inaishia kwao na mwenye tokeni hapati kitu. Ikiwa tokeni ni ahadi ya deni, na mkataba unakubali kwamba bei yote ya ununuzi inadaiwa, wenye tokeni wanaingia foleni moja na wadai wale: milioni 1 inagawanywa kwa madeni ya milioni 24, na tokeni ya shilingi 1,000 inarudisha kama shilingi 42. Shamba ni lile lile na bei ni ile ile. Kilichobadilisha matokeo ni mstari mmoja wa mkataba.

Msomaji atasema basi tuchague deni. Lakini wauzaji wengi hupenda hisa, kwa kuwa hisa inasikika kama umiliki, na hapo ndipo kwenye shimo kubwa kwa mashamba ya huku kwetu. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi, Sura ya 302, haiishii kwenye kuuza shamba lenyewe. Kifungu cha 6 kinataja pia kuuza au kuhamisha hisa ya kampuni binafsi inayomiliki ardhi ya kilimo katika eneo la udhibiti. Bila idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi mauziano hayo ni batili, na ombi linatakiwa kufikishwa ndani ya miezi 6. Sasa fikirini tokeni inayopita kutoka simu hadi simu usiku wa manane: kila kuhama kwake, ikiwa kweli ni hisa, kulihitaji idhini. Kifungu cha 7 kinamruhusu aliyelipa kudai pesa zake kama deni, ila itabidi ampate aliyemuuzia, na huenda anamjua kwa namba ya pochi ya kidijitali tu. Kiwanja cha mjini kisicho cha kilimo hakiguswi na sheria hii, kwa hiyo thibitisheni mapema shamba liko kundi gani.

Kuna jambo la Waitaliano pia. Kifungu cha 65 cha Katiba kinasema asiye raia anashika ardhi kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99, na kampuni inahesabiwa kuwa raia pale tu inapomilikiwa yote na raia. Hata mali inayoshikwa kwa amana, yaani kwa niaba ya watu wengine, inahesabiwa kuwa ya raia pale tu faida yote inapokuwa ya raia. Hisa moja ikienda kwa mgeni, hadhi ya kampuni nzima inabadilika. Halafu Sheria ya Kampuni ya mwaka 2015 inataka kampuni binafsi iwe na wanachama wasiozidi 50 na isialike umma kununua hisa. Wanunuzi 300 waliopatikana kwa tangazo ni dalili ya wazi: ama tokeni si hisa, ama kampuni imevunja sheria. Ombeni hati ya `CR12`, inayoonyesha wenye hisa, mtazame kama jina lolote la wanunuzi limo.

Msiache kwenda shambani. Pwani yetu imezoea nyumba kuwa ya mtu na kiwanja kuwa cha mwingine, na minazi kuwa na mwenyewe wa tatu. Aliyekaa miaka 12 wazi na bila ruhusa anaweza kwenda mahakamani kudai ardhi chini ya Sheria ya Ukomo wa Muda, na dai lake halitaonekana kwenye tokeni wala, mara nyingi, kwenye sachi. Ulizeni majirani nani analima, tangu lini, na kwa ruhusa ya nani.

Kwa tokeni za hati fungani, yaani hati za kuikopesha serikali pesa, kipimo ni kile kile. Mtu akinunua hati ya serikali kupitia DhowCSD, mfumo wa kidijitali wa Benki Kuu, jina lake limo kwenye sajili na anaidai serikali. M-Akiba ya mwaka 2017, hati fungani ya serikali iliyouzwa kwa simu kuanzia shilingi 3,000, ilionyesha kwamba hata kiasi kidogo kinaweza kusajiliwa kwa jina la mnunuzi. Lakini kampuni ikinunua hati kwa jina lake, kisha ikauza tokeni juu yake, mwenye tokeni anaidai kampuni. Hapo ombeni maandishi yanayothibitisha kwamba hati zile zimewekwa kwa amana ya wanunuzi, mbali na mali ya kampuni. Bila hayo, kampuni ikifilisika mfilisi ana nafasi ya kuzihesabu pamoja na mali nyingine za kuwalipa wadai wote.