Mafuta meusi yenye povu

"Mafuta niliyokaangia samaki mara tatu yamekuwa meusi na yanatoa povu. Nikiyachuja yatafaa tena?"

Hapana ndugu yangu, hayo yaache. Kuchuja huondoa makombo tu, na hapa kilichoharibika ni mafuta yenyewe. Kila unapokaanga, joto, hewa na maji ya chakula huyavunjavunja, na kemikali zinazozaliwa humo si nzuri kwa moyo na mishipa ya damu zikiliwa mara kwa mara. Mojawapo ni akrolini, ile inayofanya moshi wake uwashe macho. Povu lisilotulia, kunata na kutoa moshi mapema ndizo dalili. Rangi peke yake hudanganya. Usiyaongezee mapya, maana ya zamani huyaharibu haraka.

Safari ijayo kaangia kwenye nyuzi 180 za selsiasi hivi. Yakipoa, yachuje kwa kitambaa kikavu, uyafunge kwenye chupa kavu, uyaweke gizani penye ubaridi.

Hayo meusi, yakishapoa kabisa, yatie kwenye chupa ya plastiki, funga, tupa na taka. Ukiyamwaga kwenye sinki hushikamana na uchafu na kuziba bomba.

Yakiwahi kushika moto jikoni, usimwagie maji kamwe: zima jiko, funika sufuria. Moto ukikushinda, toka nje uite zimamoto.