Kibali cha kuchomelea: zunguka upande wa pili wa ukuta kabla hujasaini

Nilikuwa fundi wa kuchomelea kwa miaka mingi kabla sijahamia kitengo cha usalama, kwa hiyo najua vizuri fundi anavyoiona ile fomu ya kibali. Anaiona kama geti. Unampelekea msimamizi, anasaini huku anaongea na simu, wewe unawasha mashine. Mimi mwenyewe nimefanya kazi kwa vibali vya namna hiyo, na kimoja kilituunguzia ghala.

Kilikuwa kiwanda cha kuchambua pamba, huku Kanda ya Ziwa, katikati ya msimu. Kiwiko cha bomba la bati linalofyonza pamba kilikuwa kimetoboka. Hilo ni la kawaida, maana pamba mbegu inapita na mchanga wake na kukwangua bati pale bomba linapopinda. Kazi ilikuwa kukata kiraka na kukichomelea. Tulifagia chini, tukaleta mtungi wa kuzimia moto, kijana mmoja akawekwa kuangalia cheche. Tulianza saa nne asubuhi, na saa sita kasoro tulikuwa tumemaliza. Yule kijana akakaa nusu saa nyingine kama fomu ilivyotaka, hakuona kitu, kibali kikafungwa. Saa nane na nusu moshi ukaanza kutoka chumba cha jirani, kule marobota yanakopangwa.

Bomba lilipita ukutani kupitia tundu lililotobolewa kubwa kuliko bomba lenyewe. Ule mwanya, upana wa vidole viwili hivi, ulikuwa umejaa manyoya ya pamba ya miaka kadhaa. Cheche ziliingia humo, zikafukuta, na zilipopata hewa upande wa pili zikashika. Kijana wetu alikuwa makini muda wote, ila alikuwa upande ambao moto haukuwepo.

Tangu siku hiyo, jambo la kwanza ninalofanya nikiletewa kibali cha kazi ya moto ni kuiacha kalamu mfukoni na kusema twende tukaone. Fundi, mimi na mkuu wa eneo husika tunakwenda pamoja. Huyo mkuu wa eneo ndiye mtu muhimu kwenye saini, kuliko mimi, kwa sababu ndiye anayejua nyuma ya ule ukuta kuna nini, juu ya dari kuna nini, na saa ngapi wenzake wa mstari wa pili watawasha mashine.

Swali langu la kwanza tukifika ni kama kazi inaweza kuhamishwa. Kile kiwiko kilikuwa na flanji zenye boliti nane. Dakika arobaini za spana zingetosha kukitoa tukakichomelea karakana, kwenye sakafu ya zege, mbali na pamba. Hakuna aliyeuliza. Siku hizi nikiona boliti sisaini kibali mpaka nielezwe kwa nini hazifunguliwi, na "tuna haraka" siihesabu kuwa sababu.

Kama kweli haitoki, ndipo tunaanza kukagua. Feni ya bomba inazimwa na swichi yake kufungwa kwa kufuli, ufunguo unakaa mfukoni mwa fundi mwenyewe. Lebo peke yake haitoshi, maana lebo inatolewa na yeyote mwenye haraka. Feni ikiwashwa wakati cheche ziko ndani ya bomba, itazisafirisha moja kwa moja hadi kwenye pamba nyuzi.

Kisha usafi. Umbali unaotumika sehemu nyingi duniani ni mita 11 kuzunguka kazi: kila kinachoshika moto ndani ya duara hilo kiondolewe, na kisichoondoleka kifunikwe kwa blanketi la kuzuia moto. Turubai la plastiki halifai, hilo lenyewe ni kuni. Ukichomelea juu ya jukwaa, cheche zitaanguka na kuruka mbali zaidi, kwa hiyo hesabu na sakafu ya chini. Kwenye pamba, usiangalie chini tu. Inua macho kwenye boriti, juu ya trei za nyaya, juu ya taa. Kule ndiko manyoya yanakolala, na mwali mdogo unakimbia juu yake haraka kuliko mtu anavyoshuka ngazi. Yafagie kwa brashi au yavute kwa mashine ya kufyonza vumbi. Ukipuliza kwa mpira wa hewa unayahamisha tu kutoka boriti hii kwenda ile.

Baada ya hapo tunazunguka upande wa pili. Kila tundu la ukutani au sakafuni ndani ya zile mita 11 linazibwa, na manyoya yake yanatolewa kwanza. Hata pasipo tundu, bati na chuma vinapitisha joto. Kitu kilichoegemea upande wa nyuma kinaweza kuwaka bila cheche hata moja kukifikia. Uwanja wa ndege wa Düsseldorf, Ujerumani, watu 17 walikufa tarehe 11 Aprili 1996 baada ya kuchomelea kufanyika kwenye barabara iliyo juu ya jengo la abiria. Kilichoshika moto kilikuwa vifaa vya kuzuia joto vilivyokuwa ndani ya dari, chini ya miguu ya mafundi, mahali wasipoweza kupaona.

Kuhusu vifaa nitasema moja tu, kwa sababu mafundi wenzangu wanalidharau: klampu ya ethi. Ibane kwenye kile kipande unachochomelea, karibu kabisa na kazi. Nimeona watu wanaibana kwenye nguzo ya jengo mita ishirini mbali kwa kuwa waya ni mfupi. Umeme ni lazima urudi kwenye mashine, na utapita njia yoyote utakayoipata: beringi, mnyororo, mahali mabati mawili yamegusana kwa kutu. Kila maungio mabovu njiani yanapata moto. Ukichomelea hapa, pamba inaanza kufukuta kule, na kila mtu anashangaa moto umetoka wapi.

(Mapipa na matangi yaliyowahi kuwekwa mafuta yana utaratibu wake: kusafishwa, kupitishiwa hewa, kupimwa gesi kwa kipimo chenye cheti, na kupimwa tena kazi ikisimama. Pipa "tupu" la dizeli lina mvuke ndani, na likipashwa moto linapasuka. Usilichomelee kwa kibali cha aina hii ninayoizungumzia.)

Sasa mlinzi wa moto. Kazi yake ni hiyo moja tu. Hashikilii bati, haendi kuleta elektrodi, hatumwi chai. Fundi amevaa kofia ya kioo cheusi na haoni zaidi ya ule mwali, kwa hiyo macho ya wote wawili ni ya huyu. Ana mamlaka ya kusema "zima" na fundi akazima bila kubishana, hata kama fundi ni mtu mzima na yeye ni kijana wa juzi. Hili nalisema mbele ya wote wawili kabla kazi haijaanza, maana bila hivyo heshima ya umri itamfunga mdomo. Kama kuna upande wa pili, panakuwa na walinzi wawili. Pale kwenye kiwiko tulihitaji wawili na tuliweka mmoja.

Mkononi awe na nini? Ule mtungi wa poda tuliokuwa nao siku ile ungezima mwali, lakini pamba inafukuta kwa ndani. Poda inabaki juu, na dakika kumi baadaye moto unarudi. Pamba inataka maji, na maji yenye sabuni kidogo yanapenya vizuri zaidi. Kwa hiyo ninaweka mpira wa maji uliokwisha kujaribiwa, bomba limefunguliwa na maji yameonekana, na pembeni mtungi unaofaa kwa moto wa umeme kwa ajili ya mashine yenyewe. Mashine ya kuchomelea inakatwa umeme kabla mtu hajarusha maji.

Kazi ikiendelea, kibali ni cha mahali pale, kazi ile na muda ule. Fundi akimaliza kiraka akasema "ngoja nigonge na hii spoti moja hapo mbele", hiyo ni kazi nyingine, mita nane mbali, ambako hakuna aliyefagia. Kazi inasimama, tunatembea tena. Zamu ikibadilika, kibali kinaisha pamoja nayo. Wakati wa chakula vali za mitungi ya gesi zinafungwa, na mlinzi anabaki hadi apokelewe na mwingine.

Halafu saa ya mwisho, ambayo mimi naiogopa kuliko zote kwa sababu kila mtu amekwisha kuondoka moyoni. Ile nusu saa ya kwenye fomu yetu ilikuwa ndiyo kipimo cha zamani. Kiwango cha Marekani cha NFPA 51B kiliongeza muda huo mwaka 2019 ukawa saa nzima baada ya cheche ya mwisho. Mimi nafuata saa nzima ya kukaa pale pale, kisha kupita kila nusu saa kwa saa tatu zinazofuata, na kwa pamba hilo naliona dogo. "Cheche ya mwisho" ni pamoja na grinda. Watu wanahesabu tangu mashine ya kuchomelea ilipozimwa, wanasahau kwamba fundi alisawazisha mshono kwa grinda dakika ishirini baadaye.

Katika saa hiyo mlinzi anazunguka pande zote mbili. Anapitisha nyuma ya kiganja karibu na bati bila kuligusa, aone kama kuna sehemu yenye joto ambayo haina sababu ya kuwa nalo. Anainusa hewa, pamba inayofukuta ina harufu ya nguo iliyounguzwa na pasi, na harufu hiyo inatangulia moshi. Anafungua kidirisha cha bomba na kumulika ndani kwa tochi.

Na feni isiwashwe. Hapa ndipo ninapogombana na watu wa uzalishaji kila msimu. Kiraka kimepoa, malori ya pamba yamepanga foleni nje, wanataka kuanza. Lakini kuwasha feni ni kulipulizia kaa kama mhunzi, kisha kulibeba hadi kwenye mashine ya kushindilia. Kaa likifungwa ndani ya robota halizimiki. Linafukuta kwa siku kadhaa na kujitokeza likiwa ghalani au juu ya lori. Kwa hiyo kufuli inatoka tu baada ya ile saa nzima na ukaguzi wa ndani ya bomba. Tukianza, marobota ya kwanza yanatiwa alama ya chokaa na kupangwa nje, mbali na mengine na mbali moja na jingine, na mlinzi wa usiku anayapitia kwa mkono na pua.

Fomu ninaifungia pale pale kwenye kiwiko. Fundi anasaini, mlinzi anasaini, mkuu wa eneo anasaini, kila mmoja na saa yake. Mlinzi wa upande wa pili ana mstari wake peke yake, niliuongeza kwa kalamu mwaka ule wa moto na sasa umechapishwa.