Sebule ndogo, dirisha moja: majibu kwa wasomaji wanaochora kwa akili unde

Sebule yangu ni mita 3 kwa mita 3.5. Nimeanza na maneno "ya kisasa, ya kifahari", kisha nimeandika vipimo hivyo kabisa, lakini picha inatoka kama ukumbi wa hoteli. Nakosea wapi? (Msomaji, Soweto, Mbeya)

Dada, vipimo vyako ni sahihi, ila programu hizi hazipimi. Zimejifunza kutokana na picha na maelezo yaliyoambatana nazo, na picha nyingi za sebule zilizomo humo ni za matangazo ya nyumba, zilizopigwa kwa lenzi pana ili chumba kionekane kikubwa kuliko kilivyo. Kwa hiyo namba 3 na 3.5 hupita bila kuacha alama, na yale maneno "ya kisasa, ya kifahari" uliyoyaweka mwanzoni ndiyo yaliyokupeleka hotelini.

Udogo wa chumba uonyeshe kwa uhusiano wa vitu. Kochi la watu watatu huwa na urefu wa takribani mita 2, na ukuta wako wa nyuma ni mita 3. Basi sema kwamba kochi limechukua theluthi mbili za ukuta ule. Kisha mweke mpiga picha mahali ambapo mtu anaweza kusimama kweli, yaani kwenye kona ya mlango akiwa na simu mkononi. Maelezo mengi yaliyozifundisha programu hizi ni ya Kiingereza, na ndiyo sababu mimi huyafikiria maelekezo yangu kwa Kiswahili kisha nikayaandika hivi:

```
Phone photo of a small living room,
taken from the right corner by the door, chest height.
Dark green three-seat sofa fills two thirds of the back wall.
One window in the left wall, sliding panes, steel grille.
Cream walls, low pine table, grey cement floor.
Morning sun from the left falls on the floor by the sofa.
```

Picha ikitoka, usiiamini kwa macho tu. Chukua urefu wa kochi kwa vidole vyako kwenye skrini, uuhamishe kando ya ukuta wa nyuma. Nafasi inayobaki isizidi nusu ya kochi. Ikiwa kochi la pili linaenea pale, chumba ulichochorewa si chako, hata kama rangi zimekupendeza. Angalia pia kizingiti cha dirisha: katika nyumba nyingi kipo karibu usawa wa mgongo wa kochi, na kikishuka hadi sakafuni ujue programu imerudi kwenye nyumba za matangazo.

Ikishindikana baada ya majaribio matatu au manne, piga picha ya sebule yenyewe ukiwa kwenye kona hiyo hiyo, uipakie kama msingi, na uombe samani na rangi zibadilishwe huku kuta na dirisha vikibaki. Njia hii hushika umbo la chumba kuliko maneno yoyote. Katika programu zenye kipimo cha nguvu ya mabadiliko, kinachoandikwa `denoising strength`, mimi huanzia 0.4, ukipanda sana kuelekea 1, dirisha huanza kuhama.

Niliomba kochi la kijani na mito ya rangi ya haradali. Kuta zimetoka kijani na pazia limekuwa la haradali. Kwa nini? (Seremala, Mafinga)

Kaka fundi, rangi katika programu hizi huvuja: neno "kijani" halibaki kwenye kochi peke yake, bali huenea kwenye picha nzima, hasa likienda kwenye kitu ambacho hukukitajia rangi. Ukuta usiotajwa ni kama ubao mtupu. Kwa hiyo kila eneo kubwa lipe rangi yake, neno la rangi likikaa sambamba na jina la kitu: kuta za krimu, pazia jeupe, sakafu ya kijivu, kochi la kijani iliyoiva. Rangi kali ziwe mbili tu, na ile ya pili iwekewe idadi, kwa mfano mito miwili ya haradali. Mbao nazo ni rangi. Ukiandika mbao tu unaweza kuletewa kahawia nyekundu, ilhali paina ya huko kwenu ni ya manjano hafifu yenye vifundo, na hilo lazima liandikwe.

Dirisha langu linatazama kusini. Picha zote zinaleta jua linalomwagika sakafuni, na sebule yangu mwezi huu wa Julai haina jua kabisa. (Msomaji, Njombe)

Programu haijui dira wala haijui kwamba Njombe iko kusini ya ikweta. Wewe unajua, na kazi yako ni kuigeuza dira iwe mwanga unaoonekana. Kwenye nyanda zetu za juu, mwezi Julai jua la mchana hupita upande wa kaskazini, hivyo dirisha la kusini hupata mwanga wa anga tu: mtulivu, wenye ubaridi kidogo, na vivuli vyenye kingo laini. Kuanzia katikati ya Oktoba hivi hadi mwishoni mwa Februari, jua la mchana huhamia kusini, na dirisha lako hilo hilo hulipokea, japo jua likiwa juu sana huangukia karibu na ukuta tu.

Nakushauri uchore picha mbili kabla ya kununua rangi. Ya Julai iandikie `soft overcast daylight`, yaani mwanga wa siku ya mawingu, na useme unatoka upande gani wa picha. Krimu inayochangamka kwenye jua la Desemba inaweza kuonekana ya kijivu kwenye mwanga huo wa Julai, na hiyo ndiyo miezi mnayokaa ndani zaidi kwa ajili ya baridi. Kwa wenye dirisha la mashariki, taja saa pia: jua la saa mbili asubuhi liko chini na hufika hadi ukuta wa pili, ila la saa nne limepanda na hubaki karibu na dirisha.

Ukitaka kujua kama mwanga umechorwa kwa haki, tazama miguu ya meza. Vivuli vyote vinatakiwa kuelekea mbali na dirisha. Mguu mmoja ukitupa kivuli kulia na mwingine mbele, programu imeongeza dirisha la pili mahali usipopaona.

Nimeandika "bila feni" na feni imekuja. (Msomaji, Tukuyu)

Mara nyingi kukitaja kitu ni kukiita. Andika kilichopo, yaani dari tupu nyeupe. Kwenye Midjourney ongeza `--no fan` mwishoni. Programu nyingine zina kisanduku cha `negative prompt`, na hapo huandikwa neno "fan" peke yake.

Picha imenipendeza. Nimpe fundi aanze kutengeneza kochi? (Msomaji, Kihesa, Iringa)

Mpe kwa ajili ya rangi, umbo la mikono na aina ya kitambaa. Vipimo asichukue humo hata kimoja. Kochi la pichani linaweza kuwa na mito mitatu ya kukalia na miwili ya mgongo isiyolingana nayo, au mguu wa nyuma uliozama ukutani, na hayo hayaonekani mpaka ukuze picha. Pima ukuta, upana wa mlango na kimo cha kizingiti cha dirisha kwa futi, uviandike kwenye karatasi, kisha umpe fundi karatasi na picha kwa pamoja. Mlango usiusahau: kochi la mita 2 lisilofunguka vipande linaweza kutoshea sebuleni na bado likashindwa kuingia.