Wateja wanauliza yaleyale? Rekodi jibu

Kaka, nauza miche ya parachichi Tukuyu, kutwa naulizwa vitu vilevile WhatsApp. Nataka nitoe video kila wiki, nianze na swali lipi?

Kamera iache kwanza dada angu, shika daftari. Pitia chati za mwezi uliopita, kila swali liandike vilevile mteja alivyoliandika, likijirudia weka kijistari. Utakuta "inazaa lini", "nikipanda mwaka huu navuna lini" na "Hass inachukua mda gani" ni swali moja, unganisha. Ila "unatuma mpaka Songea" ni lingine, usilichomeke humo. Lenye vijistari vingi ndo wiki ya kwanza, na kichwa cha video kiwe maneno yao, maana "Uzalishaji wa zao la parachichi" hakuna mteja anayeuliza hivyo.

Naongea vizuri tu ila watu wanaacha kabla sijafika kwenye jibu.

Jibu lifanye sentensi ya kwanza, salamu na jina la kitalu peleka mwisho. Chukua hilo la Hass: "Mche uliounganishwa ukiutunza vizuri, matunda ya kwanza tegemea kama mwaka wa tatu." Ushajibu hapo. Sasa sogeza simu kwenye shina uonyeshe pale ulipounganishwa, useme mche wa kuotesha kwa kokwa tu unaweza ukakusotesha miaka mitano na zaidi, kwa sababu anayeuliza "lini" mara nyingi ameshaona miche ya bei chee mahali na anataka kujua kwa nini yako imezidi. Malizia na tahadhari moja, mche ukitoa maua ukiwa bado mdogo yatolewe ili ukue kwanza, basi. Dakika moja inatosha. Na usirekodi chini ya bati, mvua ya Tukuyu unaijua mwenyewe.

Bei niitaje humo?

Hapana. Weka kwenye maandishi ya chini, hayo unaweza kuyabadilisha. Ukiitamka, video ikishazunguka kwenye magrupu mtu atakuja nayo mwakani anakudai bei ileile.

Nikiishiwa maswali je? Na ntajuaje kama zinasaidia?

Rekodi tatu nne siku moja, halafu uwe unaachia moja kila Jumanne. Mteja akiuliza usimtupie linki kavu, mjibu kwa mstari mmoja ndo uiweke. WhatsApp Business ina sehemu ya majibu ya haraka, unatunza jibu na linki yake, siku nyingine unaandika `/hass` tu linatokea.

Idadi ya walioangalia isikusumbue sana, angalia wanarudi kuuliza nini. Akiangalia halafu akauliza "kwa hiyo lini sasa?", video haijajibu, irudie. Akiuliza "nipande kwa umbali gani?", huyo kaelewa na kashakupa video ya Jumanne inayofuata.